Pase kompoze na imparfe zinapokwama kwenye Kiswahili: dalili na tiba

Tuanze na aya fupi ya Kifaransa. Nimeitunga makusudi ili kila kosa ninalotaka kulizungumzia lipate pa kukaa.

> Quand je suis entré, elle dormait dans le fauteuil. Elle portait un manteau bleu. La fenêtre était ouverte et il pleuvait. Je l'ai appelée deux fois, elle n'a pas répondu. J'ai fermé la fenêtre, je me suis assis et j'ai attendu. Elle était fatiguée : elle travaillait de nuit depuis trois semaines. À six heures, elle a ouvert les yeux. « Tu es venu », a-t-elle dit.

Na hii ndiyo tafsiri ambayo mtu anayezijua lugha zote mbili anaweza kukuletea akiwa na haraka:

> Nilipoingia, alikuwa akilala kwenye kochi. Alikuwa akivaa koti la buluu. Dirisha lilikuwa wazi na mvua ilikuwa ikinyesha. Nimemwita mara mbili, hajajibu. Nimefunga dirisha, nimeketi na nimesubiri. Akawa mchovu: alikuwa akifanya kazi usiku tangu wiki tatu. Saa sita alifungua macho. “Ulikuja,” alisema.

Maneno yote ni ya Kiswahili, na ukizitenga sentensi moja moja nyingi zinapita. Lakini zisome kwa pamoja. Mwanamke anajilaza na kuvaa koti kwa mpigo mmoja. Msimulizi anaacha kusimulia na kuanza kutoa taarifa za kazi. Uchovu unamwingia mwanamke baada ya mgeni kuketi. Mwishoni mgeni aliyesimama mbele ya macho yake anaambiwa “ulikuja”, kana kwamba alikuja siku nyingine akaondoka.

Karibu makosa yote haya yana chanzo kimoja. Mfasiri ana jedwali kichwani: pase kompoze («il a dormi») ni -li- au -me-, imparfe («il dormait») ni “alikuwa aki-”. Jedwali hilo limekaa kwenye vitabu vingi vya kujifunzia na si la uongo, ila linalinganisha umbo na umbo. Mfaransa anapochagua kati ya hizo mbili anachagua pa kusimama: pase kompoze inalitazama tendo kutoka nje likiwa limefungwa, imparfe inalitazama kutoka ndani likiwa bado linaendelea au hali ikiwa bado ipo. Kiswahili nacho kina pa kusimama, lakini mipaka yake haipiti palepale. Kwa hiyo nenda na dalili, si na jedwali.

Dalili: mtu aliyelala anaonekana kama ndiyo kwanza anajilaza

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ninapohariri tafsiri, na ndilo linalomchekesha msomaji mapema kuliko yote. «Elle dormait» imekuwa “alikuwa akilala”. «Elle portait un manteau» imekuwa “alikuwa akivaa koti”. Msomaji wa Kiswahili anamwona mwanamke amekamata mkono wa koti anautafuta mkono wake uingie.

Chanzo kiko kwenye vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina kundi kubwa la vitenzi vinavyotaja kuingia katika hali, si kuwa ndani yake. “Vaa” ni kitendo cha kuliweka vazi mwilini, “simama” ni kuinuka, “kaa” ni kuteremka kitini, “choka” ni kuishiwa nguvu. Ukishaingia, hali unayobaki nayo inasemwa kwa -me-: amevaa, amesimama, amekaa, amechoka. Ndivyo vilivyo pia amelala, ameinama, ameshika, amebeba, amejificha, amekasirika, amenuna, ameshiba, amelewa, imejaa, imevunjika. Mfaransa kwa mengi ya hayo ana kitenzi cha hali moja kwa moja, au «être» na kivumishi, na anavitia kwenye imparfe bila kufikiri. Wewe ukivikuta ukaweka -ki- au -na-, umemrudisha mtu mlangoni mwa hali ambayo keshaingia.

Kipimo ninachokitumia ni chepesi, na kinatibu zaidi ya dalili hii. Chukua sentensi ya imparfe, igeuze iwe ya wakati uliopo, kisha jifanye unamwonyesha mtu jambo hilo kwa kidole sasa hivi. Utamwambiaje kwa Kiswahili? Ukipata jibu, litangulizie “alikuwa” na usiliguse tena.

«Elle dort»: unamwonyesha mtu kwenye kochi, unasema “amelala”, husemi “analala”. Basi «elle dormait» ni “alikuwa amelala”. «Elle porte un manteau»: “amevaa koti”, kwa hiyo “alikuwa amevaa koti”. «Il pleut»: “mvua inanyesha”, kwa hiyo “mvua ilikuwa inanyesha”. «Elle est fatiguée»: “amechoka”, kwa hiyo “alikuwa amechoka”. Hutahitaji kukumbuka ni kitenzi gani kiko kundi gani, kwa sababu mdomo wako unajua tayari.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakikufungi kwenye -me-. Tazama «Cet été-là, il dormait chez son oncle». Kitenzi ni kilekile «dormir», imparfe ni ileile, lakini leo ungesema “siku hizi analala kwa mjomba wake”, maana unataja mazoea, si mtu aliyefumba macho. Hapo “alikuwa akilala kwa mjomba wake” ni sahihi kabisa, na “alikuwa amelala kwa mjomba wake” ingemfunga msomaji kwenye usiku mmoja. Vivyo hivyo «elle portait des lunettes à l'école»: kama ni mazoea ya miaka, “alikuwa anavaa miwani”, kama ni picha ya siku moja, “alikuwa amevaa miwani”. Kifaransa hakitofautishi, Kiswahili kinakulazimisha uchague, na jibu utalipata kwenye aya, si kwenye kitenzi.

Na «porter» yenyewe ina mtego wa pili: «il portait une caisse» ni “alikuwa amebeba kasha”. Kipimo kinalishika hilo pia.

Kuhusu “alikuwa analala” na “alikuwa akilala”, usijitese. Kwa tendo linaloendelea maumbo yote mawili yanakubalika. Katika maandishi -ki- inasikika ya kifasihi zaidi na inavutia upande wa mazoea. Katika mazungumzo ya kila siku -na- ndiyo inayotawala. Angalia tu vitenzi vya silabi moja: “alikuwa anakula” ina ku-, “alikuwa akila” haina. “Alikuwa akikula” ni kosa la kidole ambalo hata wazoefu hulipitisha.

Dalili: hadithi inasomeka kama taarifa ya kazi zilizokamilika

“Nimefunga dirisha, nimeketi na nimesubiri.” Mtu akikwambia hivyo ana kwa ana, unangoja aongeze “haya, kuna kingine?” Kila -me- inalileta tendo hadi sasa na kuliweka mezani. Mara moja haidhuru, mara tatu mfululizo hadithi inasimama.

Chanzo ni umbo. «J'ai fermé» ina kitenzi kisaidizi, na -me- inaonekana kama pacha wake. Lakini pase kompoze ya leo inafanya kazi mbili. Inasema jambo ambalo matokeo yake yapo sasa («J'ai perdu mes clés», na bado niko nje ya mlango), na inasimulia yaliyopita kabisa («J'ai perdu mes clés l'an dernier»), kazi ambayo zamani ilikuwa ya pase sempli («je perdis») na leo imebaki nayo kwenye maandishi tu. Kiswahili kimeziweka kazi hizo vyumba viwili: “nimepoteza funguo”, “nilipoteza funguo mwaka jana”.

Kabla ya kuchagua, jiulize: je, baada ya sentensi hii naweza kuongeza “ndiyo maana sasa…” na ikaleta maana kwa anayesema na anayesikiliza? Ikiwezekana, -me-. Isipowezekana, -li-. «J'ai reçu votre lettre», mwanzoni mwa barua ya majibu, ni “nimepokea barua yako”, maana ndiyo maana sasa ninajibu. «J'ai reçu votre lettre le 4 mars» ni “nilipokea barua yako tarehe 4 Machi”, kwa kuwa tarehe imelipeleka tendo mahali pake na kulifunga. «Il est mort» ikiwa ni habari inayoletwa sasa ni “amefariki”. «Il est mort en 1962» ni “alifariki mwaka 1962”.

Kosa hili lina sura ya kinyume, nayo ni hatari zaidi kwa sababu haisikiki vibaya. «J'ai habité trois ans à Paris.» Ukiandika “nimeishi Paris miaka mitatu”, wasomaji wengi wataelewa kwamba bado uko huko. Mfaransa amesema kinyume: aliishi, akaondoka. Angekuwa bado yupo angetumia wakati uliopo na «depuis». Sahihi ni “niliishi Paris miaka mitatu”, au “nimewahi kuishi Paris” ikiwa kinachotakiwa ni uzoefu tu. Hapa sentensi yako ni safi kabisa ila inasema uongo, na mhariri asiyeiona asili hawezi kuligundua kosa.

Kuhusu «Tu es venu»: anayesema anamwona mgeni mbele yake. Kuja kwake kumezaa kuwapo kwake. “Umekuja.” Katika aya nzima, mahali pekee pase kompoze inapostahili -me- ni ndani ya nukuu, kwa sababu ni ndani ya nukuu tu ndipo kuna mtu mwenye “sasa” yake.

Dalili: mpangilio wa matukio umepinda

“… nimeketi na nimesubiri. Akawa mchovu.” Aliyeandika hivi anajua kwamba hadithi ya Kiswahili huenda kwa -ka-, basi ameipaka hata pasipostahili. Lakini -ka- ni hatua: inasema jambo hili lilikuja baada ya lile lililotajwa sasa hivi, na mara nyingi kwa sababu yake. «Elle était fatiguée» si hatua. Ni maelezo ya hali iliyokuwepo muda wote, tangu kabla mgeni hajabisha hodi. Ukiipa -ka- umeifanya tokeo: yeye akaketi, mwenzake akachoka.

Kwa hiyo kwenye kusimulia gawanya hivi. Mlolongo wa pase kompoze unafungua kwa -li-, kisha -ka- mpaka mlolongo ukatike. Imparfe kwa kawaida haipandi kwenye mlolongo huo. Inasimama pembeni na “alikuwa” wake. Imparfe ikishakatiza, unaweza kurudi kwenye -ka- kama tendo linalofuata linaendeleza hadithi. Huhitaji kuanza upya na -li- kila mara, ingawa mwanzoni mwa aya mpya -li- humsaidia msomaji kushika tena uzi.

Hapo kuna ulinganisho ambao ningependa kila mfasiri aubandike ukutani. Kifaransa kina:

> Il s'est levé, il s'est lavé, il est sorti.
> Il se levait, il se lavait, il sortait.

Na Kiswahili kina:

> Aliamka, akanawa, akatoka.
> Alikuwa akiamka, akinawa, akitoka.

Tofauti yote iliyobebwa na pase kompoze na imparfe, yaani asubuhi moja dhidi ya asubuhi zote, imebaki kwenye irabu: -ka- na -ki-. Tena angalia kwamba “alikuwa” imetajwa mara moja tu. Wafasiri wengi wanaipandisha kwenye kila kitenzi cha imparfe, “alikuwa akiamka, alikuwa akinawa, alikuwa akitoka”, na ukurasa unaanza kukwaruza. Ukiwa na imparfe nne mfululizo za kutenda, “alikuwa” ya kwanza inatosha kuzibeba zilizobaki.

Pia sentensi ikiwa na kielezi cha kurudiarudia, mzigo unahamia huko. «Chaque matin, il se levait à cinq heures» inaweza kuwa “kila asubuhi aliamka saa kumi na moja” bila kupoteza kitu, na baada yake “akanawa, akatoka” inaruhusiwa, kwa kuwa “kila asubuhi” imeshafanya kazi. (Na usisahau saa. «Cinq heures» ikibaki “saa tano” umemwamsha mtu karibu na mchana.) Ama hu- ya mazoea, “huamka”, hiyo yenyewe haina zamani. Utakutana na “alikuwa huamka” katika maandishi fulani, lakini kwa tafsiri ya leo “alikuwa akiamka” inapita laini zaidi.

Dalili: ukanushaji umeacha mlango wazi

«Elle n'a pas répondu» imekuwa “hajajibu”. Kwa Kiswahili maana yake ni kwamba bado tunangoja jibu. Katika hadithi iliyopita hakuna anayengoja.

Ajabu ni kwamba ukanushaji ndio unaoonyesha waziwazi kama ulichagua sawasawa kwenye yakinishi. “Nimekula” inakanushwa kwa “sijala”, “nilikula” kwa “sikula”. La kwanza linaacha nafasi ya kula baadaye, la pili limefunga. «Je n'ai pas mangé» inabeba yote mawili. Ikiwa na «encore», ni “sijala” bila mjadala. Ikiwa haina, tazama kama nafasi ya kutenda bado ipo wakati wa kusema.

Ndani ya mlolongo wa -ka- kuna umbo la tatu ambalo wafasiri kutoka Kifaransa hulisahau, kwa sababu halina pacha kule. -ka- haikanushwi kwa ha-. Kinachotumika ni -si- na kitenzi kinachoishia na -e: “nilimwita mara mbili, asiitike”, «il a cherché, il n'a rien trouvé», “alitafuta, asipate kitu”. “Hakuitika” na “hakupata kitu” si makosa, ila zinasimama peke yake kama sentensi mpya. “Asiitike” inashikamana na kuita. Na maadamu tuko hapo: kumjibu mtu anayekuita kwa jina ni kuitika. “Kujibu” ni kwa swali au barua.

Imparfe iliyokanushwa ipitishe kwenye kipimo chetu. «Il ne mangeait pas de viande»: leo “hali nyama”, basi “alikuwa hali nyama”. “Hakuwa akila nyama” nayo inakubalika. Lakini “hakula nyama” ni ya mlo mmoja.

Dalili: muda mrefu umegeuzwa kuwa imparfe, au “tangu wiki tatu” imejitokeza

Wengi hufundishwa kwamba imparfe ni ya mambo yaliyochukua muda, kwa hiyo wakiona miaka kumi wanakimbilia “alikuwa aki-”. Urefu si hoja. «Il a travaillé dix ans dans cette usine» ni pase kompoze, kwa sababu miaka kumi ina mwanzo na mwisho na tunaitazama yote kwa mara moja: “alifanya kazi kiwanda hicho miaka kumi”. Basi. -li- inaweza kubeba karne.

«Depuis» ndiyo inayosumbua. «Elle travaillait de nuit depuis trois semaines» inasema kazi ilianza wiki tatu kabla na wakati ule ilikuwa haijaisha. “Tangu” ya Kiswahili inataka mahali pa kuanzia, kama vile tangu Jumatatu au tangu mwezi wa tatu. Haitaki kipimo cha muda. Rudi kwenye kipimo: leo ungesemaje? “Ana wiki tatu anafanya kazi usiku.” Basi “alikuwa na wiki tatu anafanya kazi usiku”. Unaweza pia kusema “alikuwa amefanya kazi usiku kwa wiki tatu mfululizo”, ingawa hapo kuna hatari ndogo ya msomaji kudhani kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa njia hiyohiyo, «il venait de partir» haihitaji sheria ya pekee. Leo: “ndiyo kwanza ameondoka”. Wakati ule: “alikuwa ndiyo kwanza ameondoka”.

Dalili: aliyeweza hakutenda

«Il pouvait partir» imeandikwa “aliweza kuondoka”, na ukurasa unaofuata mtu huyo bado yupo. “Aliweza kuondoka” ni ya aliyefanikiwa, yaani «il a pu partir». Kwa imparfe sema “alikuwa anaweza kuondoka” au, kama ni ruhusa, “alikuwa huru kuondoka”. “Jua” ina shida inayofanana na hiyo: «il savait» ni “alijua” au “alikuwa anajua”, lakini «il a su» ni kupata habari, kwa hiyo “akajua” au “alikuja kujua”. «Il avait peur» ni “alikuwa anaogopa”, «il a eu peur» ni “aliingiwa na hofu”. Vitenzi vya moyoni na kichwani havina wingi wa kutisha. Mfaransa akivitia kwenye pase kompoze mara nyingi anataja dakika hali ilipoanza, nawe tafuta neno la kuanza.

Mahali kipimo kinaposhindwa

Kuna imparfe mbili zisizo na “wakati ule” ndani yake. Ya kwanza ni ya baada ya «si»: «si j'avais le temps, je viendrais». Hiyo si zamani, ni dhana, na kazi yake ni ya -nge-: “ningekuwa na nafasi, ningekuja”. “Kama nilikuwa na nafasi” inauliza kama kweli ulikuwa nayo. Ya pili ni ile ya magazeti na historia, ambapo tukio la mara moja linawekwa kwenye imparfe ili lipate uzito: «Le 18 juin 1815, Napoléon perdait la bataille de Waterloo». Ukitii umbo utaandika “alikuwa anashindwa”, na msomaji atangoja kusikia nini kilimwokoa. Andika “tarehe 18 Juni 1815 Napoleoni alishindwa vita vya Waterloo”. Utaitambua kwa tarehe: imparfe yenye siku kamili na tendo lisiloweza kurudiwa ni pase kompoze iliyovaa koti.

Aya ikiwa imetibiwa

> Nilipoingia, alikuwa amelala kwenye kochi. Alikuwa amevaa koti la buluu. Dirisha lilikuwa wazi na mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwita mara mbili, asiitike. Nikafunga dirisha, nikaketi, nikasubiri. Alikuwa amechoka: alikuwa na wiki tatu anafanya kazi usiku. Saa kumi na mbili akafumbua macho. “Umekuja,” akasema.

Hesabu imparfe za asili: dormait, portait, était ouverte, pleuvait, était fatiguée, travaillait. Ni sita. Tatu zimekuwa “alikuwa ame-”, moja “ilikuwa ina-”, moja “lilikuwa” na neno la sifa, na moja “alikuwa na… ana-”. “Alikuwa aki-”, ile iliyokuwa kwenye jedwali, haikutumika hata mara moja. Haina kosa lolote. Aya hii tu haina mazoea ndani yake.

Mahali ninapositasita ni pawili. Baada ya “lilikuwa wazi”, “mvua ilikuwa inanyesha” inaweza kufupishwa: “dirisha lilikuwa wazi, mvua ikinyesha”. Inasomeka vizuri zaidi, ila inazifunga hali mbili kuwa picha moja, na kama sentensi inayofuata ingehusu mvua ningeiacha ilivyo. Pa pili ni “akafumbua”. Baada ya sentensi mbili za hali na kielezi cha saa, “alifumbua macho” ingefaa pia, na ingetua kama mwanzo wa kipande kipya. Nimeiacha -ka- kwa sababu ya “nikasubiri”: kufumbua macho ndiko msimulizi alikokuwa anakungoja.